Kuchagua Muundo wa Filamu Fupi ya Mahojiano na Picha za Kumbukumbu: Mfano wa Karafuu za Pemba

Mtu anayetengeneza filamu fupi ya hali halisi kwa mahojiano na picha za zamani peke yake hana njia ya kurudi uwandani kuziba pengo. Akikosa picha ya mtu anayepanda mkarafuu, hawezi kwenda Konde kesho asubuhi akairekodi, kwa sababu alichokubaliana na nafsi yake, au na waliompa kazi, ni kwamba filamu itajengwa kwa sauti za watu wanaokumbuka na kwa vipande vilivyopigwa na wengine kabla yake. Kwa hiyo muundo wa hadithi hauchaguliwi kwa kuuliza ni upi unaopendeza, bali kwa kuuliza ni upi ambao vifaa vilivyomo mezani vinaweza kuubeba hadi mwisho bila kupasuka.

Nitaeleza hatua kwa kufuata kazi moja niliyoshiriki Chake Chake, filamu ya dakika 12 kuhusu mchumo wa karafuu. Tulikuwa na mahojiano manne: bibi aliyechuma tangu utotoni, msimamizi wa zamani wa shamba, mwalimu mstaafu wa skuli na mtu aliyefanya kazi kwenye vyombo vilivyokuwa vikipeleka magunia Unguja. Picha za kumbukumbu zilikuwa dakika 19: dakika 12 za filamu bubu ya rangi nyeusi na nyeupe ya zama za ukoloni, na dakika 7 za mkanda wa rangi wa miaka ya 1970, wakati Televisheni ya Zanzibar ilipokuwa changa.

Hatua ya kwanza: hesabu picha kabla ya kusikiliza maneno

Wengi huanza na mahojiano kwa sababu ndiyo waliyoyarekodi wenyewe na wanayapenda. Mimi nashauri kinyume chake. Maneno ni mengi na yanakatika popote, ilhali picha za zamani ni chache, hazibadiliki, na ndizo zitakazoamua filamu inaweza kwenda wapi.

Chukua karatasi, uichore safu tano, kisha utazame kila kipande polepole na kuandika kinaanza dakika gani na kuishia gani, nini kinaonekana hasa, mahali pake panajulikana kwa ushahidi au kwa kukisia tu, kina sauti au hakina, na ruhusa ya kukitumia imefikia wapi. Neno "hasa" lina uzito hapo. Usiandike "mchumo wa karafuu". Andika "mwanamke anaangusha kichala ndani ya pakacha, uso hauonekani", kwa sababu baadaye utakapokuwa ukitafuta kitu cha kufunika sentensi fulani, maelezo ya jumla yatakudanganya kwamba unacho.

Baada ya hapo, hesabu sekunde zinazotumika kweli. Ondoa zilizotikisika, zilizoungua kwa mwanga, zinazojirudia, na za viongozi waliokaa wakisikiliza hotuba ambayo sauti yake haipo. Dakika zetu 19 ziliteremka hadi sekunde 390, yaani dakika sita na nusu. Hilo halikutushtua, kwani ni kawaida kwa mkanda uliopigwa kwa lengo jingine, lakini tungelijua baada ya kuandika mpango mzima lingetuumiza.

Kuna mtego mmoja wa hesabu unaowapata wanaotumia filamu bubu. Nyingi zilipigwa kwa fremu 16 hivi kwa sekunde, na kompyuta ya kuhariria huzichezesha kwa 25. Watu huonekana wakikimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji, na kipande cha sekunde 20 huisha kwa sekunde 13 hivi. Ukikirudisha kwenye mwendo wake wa asili, unapata utu wa wale watu na pia unapata sekunde zako. Fanya hivyo kabla ya kuhesabu.

Kuhusu ruhusa nitasema neno moja tu: kipande ambacho mwenye haki hajakubali kukitoa kinaweza kuwa pambo, lakini kisiwe nguzo. Usisimamishe nyumba kwenye boriti ya kuazima ambayo mwenyewe anaweza kuja kuichukua.

Hatua ya pili: yaandike mahojiano, kisha yagawe kwa kazi

Mahojiano yetu yalikuwa saa tano na kitu, na kuyaandika yote neno kwa neno kulituchukua zaidi ya wiki. Hakuna njia ya mkato yenye heri hapa, hasa kwa Kipemba cha wazee, ambacho mtu asiyekizoea hukisikia vibaya na kukiandika vibaya zaidi.

Maandishi yakiwa tayari, pita na kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza iwe ya sentensi zinazoonyesha kitendo, kama pale bibi alipoeleza namna ya kulivuta tawi la mkarafuu bila ya kulivunja. Rangi ya pili iwe ya sentensi zinazotaja wakati. Rangi ya tatu iwe ya sentensi ambazo ndani yake mtu anapima, analaumu, anakana au anabadilisha mawazo. Ukimaliza, tazama karatasi kwa mbali. Sisi tulikuta rangi ya kwanza imetapakaa kila mahali, ya pili ni haba na imejaa makosa, maana bibi alihesabu miaka kwa uzazi wa wanawe na si kwa kalenda, na ya tatu imerundikana mahali pamoja: kwenye suala la pishi, kipimo walicholipiwa wachumaji.

Angalia pia kama majibu yanajitegemea. Aliyejibu "Ndiyo, ilikuwa hivyo hivyo" hakukupa kitu, kwa sababu swali lako halitasikika. Kama majibu ya namna hiyo ni mengi, utalazimika kuweka msimulizi au maandishi kwenye kioo, na uamuzi huo unagusa muundo. Katika mahojiano yetu ya kwanza tulisahau kumwomba mzungumzaji airudie hoja ndani ya jibu, na nusu saa nzuri ya msimamizi ikapotea hivyo.

Hatua ya tatu: ipime miundo mitatu juu ya orodha yako

Ipo miundo mingi, lakini kwa filamu fupi ya aina hii mitatu ndiyo inayofaa kupimwa kwa dhati. Uliopo nje ya hiyo, ambao waanzaji huuangukia bila kujua, ni wa kumpa kila mzungumzaji zamu yake, huyu dakika tatu na yule dakika tatu. Huo si muundo; ni foleni.

Muundo wa kwanza ni wa mfuatano wa miaka. Unavutia kwa sababu historia ya karafuu ina tukio kubwa la kuanzia: dhoruba ya 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba kwa sehemu kubwa ikiwa imesimama, na tangu hapo Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Nani asingependa kufungua filamu kwa upepo huo? Tatizo ni kwamba picha jongefu zilianza kuonyeshwa hadharani kwa watazamaji wa kulipa huko Paris mwaka 1895. Dhoruba haina sekunde hata moja, na hakuna shahidi aliye hai. Baada yake tungekuwa na kimya kirefu, kisha lundo la picha za zama za ukoloni, kisha pengo, kisha lundo la miaka ya 1970, na baada ya hapo hakuna kitu. Mfuatano wa miaka unadai picha zilizotawanyika sawasawa, na picha za kumbukumbu karibu kila mara hurundikana pale serikali au kampuni ilipokuwa na sababu ya kupiga.

Namna ya kuupima ni rahisi. Chora mstari wa miaka kwenye karatasi, weka nukta kwa kila sekunde kumi za picha zinazotumika, kisha weka nukta za rangi nyingine kwa kila sentensi inayotaja wakati. Pengo lisilo na nukta ya aina yoyote likizidi thuluthi ya mstari, muundo huo uache.

Muundo wa pili ni wa swali. Filamu inauliza jambo mapema, mashahidi wanalijibu kwa kupingana, na mtazamaji anapewa jibu, au anapewa sababu ya kutokuwapo jibu, karibu na mwisho. Faida yake ni kwamba picha ileile inaweza kurudi mara mbili na kusema mambo mawili tofauti, hivyo uhaba wa picha unageuka kuwa nguvu. Sisi tulikuwa na swali la kweli. Wachumaji walilipwa kwa pishi za karafuu mbichi. Bibi alisema pishi ilikuwa ikijazwa mpaka ikatoa kilele, na kile kilele kilikuwa haki yake iliyoliwa. Msimamizi alisema ilikuwa pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu kwa mkono, wala hapakuwa na ziada. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameulizwa.

Hata hivyo muundo wa swali unahitaji swali linaloweza kubeba muda wote. La kwetu lilibeba dakika nne, tano kwa kubanwa. Tulipoliandika peke yake, kuanzia dakika ya sita wazungumzaji walianza kurudia yaleyale kwa sauti za juu zaidi. Dalili ya swali dogo ni hiyo: unapanga kadi zenye sentensi ulizozichagua na kukuta kwamba tatu zinazofuatana zinaweza kubadilishana nafasi bila ya chochote kuharibika.

Muundo wa tatu ni wa kazi yenyewe, yaani kuifuata karafuu tangu mtini mpaka chomboni. Hapa picha ndizo zinazotoa uti wa mgongo na sauti ndizo zinazoleta wakati. Picha inaonyesha mikono ikichambua, na juu yake bibi anazungumza kuhusu mwaka aliofiwa na mama yake kwenye kambi ya wachumaji. Picha haina haja ya kuwa ya mwaka ule, kwa sababu hatujamwahidi mtazamaji miaka, tumemwahidi hatua za kazi. Aliyepiga filamu ile alikuwa ameagizwa kuonyesha zao linavyozalishwa, kwa hiyo bila ya kukusudia ametuachia mpangilio mzima: kuchuma, kuchambua vikonyo, kupima, kuanika juu ya majamvi, kupakia.

Sharti la muundo huu ni kwamba kila hatua ya kazi iwe na picha yake, hata chache, na iwe na angalau mzungumzaji mmoja aliyeifanya kwa mikono yake. Kasoro yake ni ubaridi. Ukiachwa ulivyo, unazaa filamu ya kilimo ya kufundishia skuli. Dawa yake ni kutafuta hatua moja ambayo ndani yake watu hawakubaliani na kuipa nafasi kubwa kuliko zote. Sisi tulikuwa nayo tayari: swali la pishi, dogo mno kwa filamu nzima, lilitosha kabisa kuwa kitovu chake.

Hatua ya nne: panga kwenye karatasi kwa sekunde

Usifungue kompyuta bado. Andika kila sentensi uliyoichagua kwenye kadi, isome kwa sauti kwa mwendo wa mzungumzaji wake, na uandike sekunde zake pembeni. Kisha gawa muda. Mgawanyo wetu ulikuwa hivi: ufunguzi sekunde 50, kuchuma 160, kuchambua 100, pishi 180, kuanika 120, safari ya baharini 110. Jumla ni sekunde 720. Zile sekunde 390 za picha tulizigawa 20, 100, 70, 40, 80 na 80 kwa mpango huohuo.

Zingatia kwamba sehemu ndefu kuliko zote, ile ya pishi, ndiyo iliyopewa picha kidogo ukilinganisha na urefu wake. Hilo lilikusudiwa. Watu wawili wanapopingana, mtazamaji anataka kuona nyuso, hataki kuona majamvi. Sehemu ya kuchambua ni kinyume chake: maneno ya hapo ni ya kumbukumbu tulivu, na uso wa mtu anayekumbuka kwa utulivu huchosha baada ya nusu dakika, kwa hiyo picha zinafunika sehemu kubwa.

Katika filamu ile bubu kilikuwamo kipande cha sekunde nne ambacho bado nakiona nikifumba macho. Karafuu zinamiminwa ndani ya pishi, zinapanda, zinafika ukingoni, mkono unaingia kutoka kushoto, na hapo filamu inakatika. Kama mkono ulikuwa unakuja kusawazisha au kuongeza, hatuwezi kujua. Tulikiweka mara mbili. Mara ya kwanza kinapita mwishoni mwa kuchambua kama hatua ya kawaida ya kazi, bila ya neno lolote, na mtazamaji hakitilii maanani. Mara ya pili kinakuja baada ya bibi na msimamizi kukwisha kusema, na safari hii kila mtu anautazama ule mkono. Picha ikirudi bila ya maana mpya huonekana kama upungufu. Ndiyo maana nafasi ya kurudia lazima ipangwe kwenye karatasi, isiachwe itokee siku ya kuhariri kwa kukosa la kufanya.

Kuanika kuliwekwa baada ya pishi kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda, lakini kulitusaidia pia. Kilo tatu za karafuu mbichi hubaki kama kilo moja zikikauka, na mwalimu alipolieleza hilo kwa upole baada ya ugomvi wa pishi, kila msikilizaji alijifanyia hesabu yake mwenyewe kuhusu nani alibeba uzito na nani aliuza kilichobaki. Hatukuongeza maelezo yoyote.

Hatua ya tano: isikilize bila picha, itazame bila sauti

Ukishapata mkato wa kwanza, zima kioo na umwite mtu asiyejua habari hiyo asikilize sauti peke yake. Akiuliza "huyu anayesema sasa ni nani?" zaidi ya mara mbili, wazungumzaji wako wanapokezana haraka mno au wamefanana kazi. Kisha fanya kinyume, zima sauti na umwonyeshe mtu mwingine. Akiweza kukuambia kinachofanyika kinakwenda wapi, uti wa mgongo upo. Akisema anaona picha nzuri za zamani, basi picha zako zimegeuka pazia, zinafunika mikato na hazisemi kitu. Dalili nyingine ya pazia ni pale mtu anapotaja bahari na papo hapo bahari inaonekana, anapotaja gari na gari linapita.

Jaribio la tatu ni la mashahidi wenyewe, na hilo lisifanywe mwisho kabisa, wakati hakuna kinachoweza kubadilishwa. Tulimpelekea bibi mkato wa kwanza nyumbani kwake. Ufunguzi wetu ulikuwa sekunde 20 za wapagazi wakishusha magunia gatini, picha nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, ambayo lebo yake ilisema Zanzibar tu na sisi tukaichukulia kuwa ni bandari ya Wete, Pemba. Alitazama mara moja na kusema, "Hii si Wete hii, wanangu. Hii Malindi, Unguja." Mtu wa vyombo aliitazama siku ya pili akasema vilevile na akatuonyesha jengo lililotufungia mjadala.

Tungeweza kuifuta. Lakini karafuu za Pemba zilipelekwa Unguja kabla ya kusafirishwa nje, kwa hiyo picha haikuwa ya uongo, ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Kwenye muundo wa miaka tusingekuwa na pa kuiweka, kwa sababu tarehe yake hatukuwa nayo. Kwenye muundo wa kazi ilikuwa na mahali pamoja tu, mwisho, baada ya chombo kuondoka. Tuliihamishia huko, ufunguzi tukauacha kwa pakacha na tawi linalovutwa, na tukarudi kwa bibi na kinasa sauti ili aitazame tena huku tukimrekodi. Alichuma miaka yote ile bila ya kupata kuona magunia yakifika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe huku ndiko zilikokuwa zikija." Sentensi hiyo ndiyo ya mwisho kwenye filamu, na juu yake mpagazi mmoja anatua gunia, anajinyoosha mgongo na kutoka kwenye fremu.